Nataka kumuomba shangazi alie nje hela ya monita, niandikeje anielewe?

Dada shikamoo. Mi nasoma dizaini, nimebakiza mihula mitatu nimalize. Kazi zangu zote nafanyia kwenye laptopu ya zamani yenye kioo cha 1366x768 na rangi zinanitesa kweli, posta naiona nzuri, nikienda kuichapa inatoka kitu kingine kabisa. Muhula uliopita nilikua na kazi 5 za kuchapa nikaishia kuchapa mara 13, na katika hizo 8 za ziada, 6 ni rangi tu, 2 ni makosa yangu ya maandishi.

Nimeona monita ya inchi 27 ya 4K, hiyo ndo naitaka. Akiba yangu ni kama moja ya tano ya bei yake, na zile printi 8 zilizoharibika zilikula hela sawa na moja ya kumi ya bei hiyohiyo. Muuzaji alinionyesha na nyingine ya inchi 24, bei nusu, kwenye boksi imeandikwa IPS, 1920x1200, 72% NTSC, sikuelewa chochote nikaiona ndogo nikaachana nayo.

Shangazi yangu yuko nje na ndo pekee naweza kumuomba, ila ana watoto wake na najua na kule ni bili tu. Nimeandika hivi, sijatuma: "Shangazi shikamoo, naomba unisaidie hela ya monita nzuri ya 4K, kozi yetu inahitaji vifaa vya kisasa, bila hiyo nitafeli. Chochote utakachojaliwa nitashukuru." Naona haijakaa sawa, na aibu naona. Nisaidie dada.

Jibu

Marhaba mdogo wangu. Hiyo usiitume kwanza. Si kwamba ina adabu mbaya, adabu ipo, shida ni kwamba shangazi akimaliza kuisoma hajui anaombwa kiasi gani, hajui monita inatibu nini, na hilo neno "nitafeli" litamtia hofu bila kumwonyesha kitu. Na kabla hatujafika kwenye barua, kuna la kurekebisha kwenye monita yenyewe, maana unataka kumuomba hela ya kitu ambacho hakitibu ugonjwa ulionielezea, wakati dawa umeshaiona dukani ukaipita.

Ugonjwa wako ni rangi. Sasa 4K haihusiani na rangi, 4K ni wingi wa pikseli, yani herufi zinakua kali na picha inaonyesha vitu vidogovidogo zaidi, lakini kuna 4K za bei rahisi zenye rangi mbovu na kuna monita za kawaida zenye rangi safi. Alafu laptopu ya umri huo, tundu lake la HDMI mara nyingi 4K linaitoa mara 30 tu kwa sekunde badala ya 60, ukisogeza mshale wa mausi unauona kabisa unaburuza, ukizungusha faili zito la picha ndo hutamani kuendelea. Ungelipa mara mbili, ukae na kifaa ambacho laptopu yako haikiwezi.

Twende kwenye boksi lile la inchi 24. Maneno matatu uliyoyaona ndo hayohayo ulikua unayatafuta.

IPS ni aina ya paneli. Laptopu nyingi za zamani za bei ya chini zina paneli ya TN, na TN ina tabia moja mbaya sana kwa mtu wa dizaini, rangi inabadilika kufuatana na kichwa chako kilipo. Jaribu leo, jaza kioo chote rangi moja ya kijivu cha kati, kaa sawa uitazame, alafu shusha kichwa polepole mpaka macho yawe chini ya ukingo wa kioo, kisha panda juu. Ikigeuka giza, au ikawa nyeupe, au ikaingia unjano, basi ujue hata ukiwa umetulia kwenye kiti, juu ya posta yako na chini yake huzioni kwa rangi moja. Ukachagua kijivu kwa juu na kijivu kwa chini ukadhani vinafanana. IPS haina hiyo shida kwa kiwango cha kukusumbua.

72% NTSC ndo inahusu upana wa rangi. Kuna kiwango kinaitwa sRGB, ndo kipimo cha kawaida cha rangi za kwenye skrini, na eneo la sRGB ni kama 72% ya kile kipimo cha zamani cha NTSC, kwa hiyo monita iliyoandikwa 72% inakaribia sRGB nzima. Paneli nyingi za laptopu za bei ya chini ni 45%, hapo unapata kama theluthi mbili hivi ya sRGB, nyekundu inaelekea rangi ya tofali, kijani kinakua kama kimefuliwa sana. Na matokeo yake ni haya, we unaiona nyekundu imepooza, unaiongezea ukali, bado imepooza, unaongeza tena, mwisho faili lako lina nyekundu inayopiga kelele na hujui kwa sababu kioo chako hakina uwezo wa kukuonyesha. Ukifika kwa mchapaji, mashine yake nayo haiwezi kuitoa nyekundu kali hivyo kwa wino, inaikata, na zile tofauti ndogo za mwanga na kivuli ulizozipanga ndani ya nyekundu zinajaa na kuwa doa moja. Hapo ndo unasema imetoka kitu kingine kabisa.

Ila hapo kwenye 72% nikutahadharishe, hiyo namba inasema ukubwa wa eneo, haisemi eneo lenyewe limekaa wapi, monita inaweza kuwa na 72% na bado ikakosa kipande cha sRGB huku ikizidi upande mwingine. Kwa hiyo chukua namba kamili ya modeli iliyoko kwenye boksi, nenda kwenye ukurasa wa vipimo wa kampuni iliyoitengeneza, utafute mstari ulioandika 99% sRGB au 100% sRGB. Ukiuona nunua. Usipouona, mwambie muuzaji akutafutie modeli nyingine ya aina hiyohiyo yenye huo mstari. Wala usishawishiwe na zenye Adobe RGB au zile za wachezaji gemu za 144Hz, ya kwanza ni rangi pana ambazo kazi za darasani hazizihitaji, na programu zisizosimamia rangi zitakuonyesha kila kitu kimekolea kupita kiasi, ya pili ni kasi ambayo posta haina matumizi nayo.

Na 1920x1200, hapa ndo naipenda zaidi hiyo monita uliyoiita ndogo. Inchi 24 za umbo hilo zina upana wa sentimita kama 51.7 na urefu kama 32.3. Karatasi ya A4 ikisimama ni 21 kwa 29.7. Yani unaweka kurasa mbili za jarida ubavu kwa ubavu kwa ukubwa wake halisi kabisa, zinachukua 42, zinabaki karibu sentimita 10 pembeni za kuweka paneli za zana, na juu zinabaki kama mbili na nusu za menyu. Inchi 24 za kawaida, zile za 1920x1080, zina urefu wa 29.9, A4 inaingia kwa kubanwa na ukifungua menyu tu inakatwa. Kuiona kazi kwa ukubwa wake wa kweli kabla hujaichapa kunakuonyesha kwamba maandishi ya chini ni madogo mno, na kwenye hiyo laptopu ya mistari 768 hukuwahi kuliona hilo, kila saa unazumu na kuzumua.

Sasa hesabu. Bei ya hii ya inchi 24 tuigawe mafungu 10. Kwa kua ile 4K ni mara mbili yake, akiba yako ambayo ilikua moja ya tano tu, hapa imegeuka mafungu 4 kati ya 10, bila kuongeza hata senti. Hilo peke yake linabadilisha sura ya ombi, huombi tena mtu akubebe, unaomba amalizie. Yamebaki 6.

Printi zako 8 zilikula mafungu 2. Lakini usimwambie shangazi kwamba monita itaokoa 2, maana 2 kati ya hizo printi ni makosa ya maandishi na monita hairekebishi tahajia. Za rangi ni 6 kati ya 8, kwa hiyo ni fungu 1 na nusu kwa muhula, na mihula mitatu iliyobaki inakua mafungu 4 na nusu. Ombi ni 6. Haifiki, na iandike hivyohivyo kwamba haifiki, shangazi ni mtu mzima anaelipa bili zake, akiona mdogo anamletea hesabu inayotoka sawasawa kabisa atajua imepikwa. Hesabu isiyofika lakini ya kweli ndo itamfanya aamini na hizo nyingine.

Jambo jingine, taja kiasi. "Chochote utakachojaliwa" inaonekana ni heshima ila inamtupia mzigo, aanze kujiuliza unatarajia ngapi, akituma kidogo ataona aibu, akituma kingi ataumia, na mara nyingi mtu akikwama hapo anaahirisha kujibu, na we unadhani amekasirika. Mpe namba na umpe na njia ya kusema hapana au nusu.

Mi ningeandika hivi, we badilisha maneno yafanane na mnavyoongea nae:

*Shangazi shikamoo. Natumaini wewe na watoto hamjambo. Mi mzima, nimebakiza mihula mitatu. Nina ombi la hela na nimeona nikuandikie vizuri badala ya kukupigia, ili usome ukiwa na nafasi na usijisikie umebanwa unijibu papo hapo.*

*Shangazi, laptopu ninayotumia inafanya kazi ila kioo chake hakionyeshi rangi za kweli. Ni kama kuchagua kitambaa usiku chini ya taa ya njano, asubuhi ukitoka nje juani unakuta ni rangi nyingine. Muhula uliopita nilikua na kazi 5 za kuchapa, nikachapa mara 13. Printi 2 za ziada nilikosea mwenyewe maandishi, hizo ni zangu, lakini 6 zilirudiwa kwa sababu ya rangi peke yake. Nimekutumia picha ya posta moja ilivyochapwa mara ya kwanza na ilivyotoka mwishoni, utaona tofauti.*

*Nimepata monita ya inchi 24 inayofaa kazi yangu, na nimehakikisha inaingia kwenye laptopu niliyonayo kwa hiyo sihitaji kununua kompyuta nyingine. Mwanzo nilitamani kubwa zaidi ya bei mara mbili, nikagundua haitatui tatizo langu, nimeiacha. Proforma ya dukani nimeiambatanisha, ina bei na tarehe ya mwisho ya bei hiyo.*

*Bei yake tukiigawa mafungu 10, mafungu 4 ninayo tayari, nimeyaweka mwenyewe. Nakuomba shangazi unisaidie mafungu 6 yaliyobaki, kiasi chake nimekiandika chini ya proforma, na hicho ni kiasi cha kunifikia mkononi, gharama ya kutuma sijaiweka kwa sababu we ndo unaijua. Printi za kurudia rangi zinanila fungu 1 na nusu kila muhula, kwa hiyo mpaka namaliza monita itakua imeokoa kama mafungu 4 na nusu. Haifikii hayo 6, sitaki kukudanganya, ila itabaki na mimi nikianza kazi.*

*Kama yote 6 ni mazito kwa sasa, 3 tu pia yatanisogeza na mengine nitayatafuta taratibu, na kama ukipenda kumlipa muuzaji moja kwa moja mi sina neno, nitakuunganisha nae. Na kama haiwezekani kabisa niambie tu shangazi, nitaendelea kutumia kompyuta za maabara ya chuo jioni kama ninavyofanya sasa, hakuna kitakachoharibika kati yetu. Wasalimie watoto.*

Hiyo ya maabara iandike kama kweli ipo, kama haipo itoe, usiweke kitu cha kupamba. Na ile picha ya posta mbili usiache, ipige mchana karibu na dirisha, printi zote mbili kwenye fremu moja, maana ukizipiga kwa nyakati tofauti simu yenyewe inarekebisha rangi na ushahidi wako unapotea. Hiyo picha inafanya kazi kuliko aya nzima ya maelezo.

Kuna uwezekano shangazi akajibu "ngoja nikununulie huku nikutumie" au "nina monita ya zamani ya ofisini nitakuletea". Usikatae haraka wala usikubali haraka. Ya kutumwa, kioo kinavunjika njiani, na waranti nyingi zinafanya kazi kwenye nchi iliponunuliwa tu, ikizingua mwezi wa pili huna pa kuirudisha, mweleze hivyo kwa upole. Ile ya ofisini lakini muombe namba ya modeli iliyobandikwa nyuma, uitafute vipimo vyake kama nilivyokueleza hapo juu, nimewahi kufanyia kazi miaka miwili kwenye monita ya mtumba ya IPS iliyotoka ofisini na rangi zake zilikua safi. Muombe aiwashe ajaze kioo rangi nyeupe tupu aitazame, kama pembe zina unjano au upande mmoja una giza, imechoka, hasa zile za zamani zenye taa za mirija kwa nyuma, zinafifia na kuingia unjano kadiri zinavyozeeka. Kama iko sawa, basi akiba yako ya mafungu 4 inabaki mfukoni, na hakuna ubaya wowote.

Mwisho monita ikifika, maana hapa ndo watu wengi wanaharibu. Monita mpya inatoka kiwandani na mwanga mkali sana ili ing'ae dukani, ukifanyia kazi hivyo posta utaiona ina mwanga wa kutosha, ukiichapa inatoka giza. Mi hilo lilinipata kwenye jalada la jarida la kwanza nililolipwa, nyuso za watu zilitoka kama zimepigwa picha magharibi, na faili kwangu lilikua safi kabisa. Kwa hiyo ingia kwenye menyu ya monita, chagua hali ya sRGB kama ipo, au weka rangi 6500K na gama 2.2, alafu shika karatasi nyeupe karibu na kioo chenye ukurasa mweupe, taa ya chumba ikiwa imewaka kama kawaida, punguza mwanga mpaka ule weupe wa kioo ufanane na karatasi na usiwe kama taa. Wenye kifaa cha kupimia wanaweka kama kandela 100 hivi kwa mita mraba, ulizia chuoni kama wanacho muazime kwa siku moja, kukinunua usijaribu kwa sasa. Pia tengeneza vibox viwili, kimoja cheupe 255 na kingine 250 katikati yake, alafu cheusi 0 chenye 10 katikati, kama huvioni vya katikati rudi kwenye kontrasti na mwanga urekebishe.

Ukishamaliza, ile posta iliyokusumbua ifungue tena, utashtuka nyekundu ilivyo kali, ishushe mpaka uione sawa, kaichape mara moja. Risiti ya monita mtumie shangazi siku hiyohiyo uliyoilipia, na hiyo printi mpya mpigie picha palepale dirishani pamoja na zile mbili za mwanzo.